Umepata Daraja la Nne: namna ya kuisoma karatasi ya matokeo na kuupanga mwaka unaofuata

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, simu yangu haipumziki. Nimefundisha jioni watahiniwa wa kujitegemea hapa Mwanza kwa miaka mingi, kwa hiyo wazazi wa Igoma, Mabatini mpaka Kayenze wana namba yangu. Wengi wanaopiga wanataka niwaambie kwamba mambo si mabaya. Wakati mwingine ni mabaya, na huwa ninasema hivyo. Ila kabla ya kusema lolote huomba kwanza niione karatasi yenyewe, kwa sababu "nimefeli" ni neno moja linalobeba hali nne au tano tofauti kabisa, na kila hali ina njia yake.

Hapa ninaandika kwa ajili ya aliyepata Daraja la Nne, ndiyo hali ninayokutana nayo zaidi. Nitatumia matokeo ya binti mmoja wa Kayenze, ambaye familia yake inaanika dagaa mwaloni. Amekubali niyatumie ili mradi nisimtaje jina.

Siku tatu za kwanza

Usiamue kitu. Usijaze fomu ya chuo, usimlipe mtu wa tuisheni, usichome madaftari (nimeyaona yakichomwa, na Aprili mwenyewe akazunguka mtaani kuazima). Waambie wa nyumbani wewe mwenyewe kabla jirani hajawaambia, maana matokeo yapo wazi mtandaoni na jirani ana bando. Binti wa Kayenze alitaka kupanda boti kwenda Ukerewe kwa bibi yake bila kuaga. Nilimwambia aende, ila aage, na arudi kabla mwezi wa pili haujafika mbali. Sababu ya tarehe hiyo utaiona mbele.

Kama mawazo yanakupeleka kwenye kujidhuru, hiyo si ya kusubiri siku tatu. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, au piga 116, Simu ya Mtoto, ni bure. Haya mengine yatakukuta palepale.

Soma karatasi, usisome daraja peke yake

Fungua `necta.go.tz`, tafuta shule yako, tafuta namba yako. Mstari wa binti wa Kayenze ulikuwa hivi:

```
IV  27  CIV - 'D' HIST - 'C' GEO - 'D' KISW - 'C' ENGL - 'D'
        PHY - 'F' CHEM - 'F' BIO - 'D' B/MATH - 'F'
```

Watu husoma "IV" wakafunga simu. Wewe endelea kulia. Ile 27 ni jumla ya pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Chukua C mbili, ni 6. D nne, ni 16. Hapo umefika masomo sita na pointi 22. Somo la saba ni lazima liwe moja kati ya zile F, pointi 5. Jumla 27. F mbili zilizobaki hazikuhesabiwa kabisa.

Daraja la Nne linaanzia pointi 26 mpaka 33, na hapo ndipo neno moja linapodanganya. Mwenye 33 anaweza kuwa na D mbili na F zote zilizobaki. Mwenye 26 anaweza kuwa na krediti tatu mkononi. Wote wawili kijiweni wanaitwa "wa foo", lakini mmoja ana milango mitatu na mwingine hana hata mmoja wa chuo kwa mwaka huu.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike namba mbili tu. Ya kwanza: una krediti ngapi, yaani A, B au C, ukiacha masomo ya dini? Ya pili: una ufaulu wa masomo mangapi, yaani kuanzia D kwenda juu, tena ukiacha dini? Binti wa Kayenze: krediti mbili, ufaulu sita. Hizo namba mbili ndizo zitakazoongoza kila kitu kinachofuata. Hiyo 27 unaweza kuisahau kwa muda.

Jambo moja ambalo karatasi haikuonyeshi ni alama. D ni kuanzia 30 mpaka 44, C ni 45 mpaka 64. Ukiwa na D ya 43 umekosa C kwa alama mbili, ukiwa na D ya 30 umeponea chupuchupu kwenye F. Karatasi inaandika D ileile. Njia ya kukisia ni kwenda shuleni ukaombe alama zako za moko na za mitihani ya muhula. Wengi wanaona aibu kurudi shuleni. Nenda asubuhi wanafunzi wakiwa darasani, umsalimie mwalimu wa taaluma, uombe. Sijawahi kusikia mwanafunzi aliyefukuzwa kwa hilo.

Kuhusu rufaa, nitasema kwa kifupi. Ipo, ina muda wake mfupi na ada yake, na mkuu wa shule ndiye atakayekuelekeza. Ina maana pale ambapo somo moja limeanguka vibaya kuliko ulivyokuwa siku zote, kwa mfano ulikuwa ukipata B mwaka mzima halafu ikatoka F. Kama D yako inafanana na ulichokuwa ukipata moko, ada hiyo iweke kwenye nauli. Usahihishaji wa NECTA unafanywa kwa mgawanyo: msahihishaji mmoja anashika swali lake, mwingine lake, kwa hiyo dhana ya mwalimu mmoja aliyekuchukia haina pa kukaa.

Milango iliyopo kwa namba zako mbili

Mlango wa kidato cha tano unataka krediti tatu zisizo za dini. Kwa wanaochaguliwa na serikali kupitia TAMISEMI, masharti ya miaka ya karibuni yameongeza kwamba pointi za masomo saba zisizidi 25, na masomo matatu ya tahasusi yawe na pointi kati ya 3 na 10 bila F. Mwenye Daraja la Nne kwa hiyo amekwisha kuachwa na basi la serikali mwaka huu, hata kama ana krediti tatu. Shule binafsi ni suala jingine: mwenye krediti tatu anaweza kupokelewa, kwa ada.

Mlango wa astashahada vyuoni kwa kawaida unataka ufaulu wa masomo manne, kuanzia D, ukiacha dini. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, unaopatikana kwenye tovuti yao, unataja kila kozi na masomo yake, chuo kwa chuo. Usome wewe mwenyewe. Mtu wa chuo anayepita mtaani na vipeperushi anasoma sehemu ya ada tu. Na huu mlango si kichochoro: ukimaliza astashahada unaendelea na stashahada, na stashahada yenye GPA 3.0 pamoja na D nne za kidato cha nne ndiyo sifa ya jumla ya kuombea shahada. Ni safari ya miaka mitatu kwenda minne badala ya miwili ya kidato cha tano na sita, lakini unatoka na ujuzi unaoajirika hata ukiishia njiani.

Mlango wa ufundi, VETA, haukuulizi daraja. Hapa Mwanza chuo kipo Nyakato. Fomu hutoka mwaka ukielekea mwisho, masomo huanza Januari, maana yake aliyepata matokeo Januari ana karibu mwaka mzima wa kusubiri, na watu wengi hushtuka wakigundua hilo Novemba.

Mlango wa nne ni kurudia mtihani, kurisiti kama tunavyosema.

Binti wa Kayenze alitaka uuguzi. Tangu darasa la tano alitaka uuguzi, na mama yake alikwisha kuzoea kumwita "sista". Hapa ndipo nilipolazimika kusema jambo gumu. Uuguzi unataka ufaulu wa masomo manne yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Alikuwa na Baiolojia tu. Kemia na Fizikia zote F, na F haikuambii ni ya 28 au ya 6. Tulipopata alama zake za moko, Fizikia ilikuwa 9. Nikamwambia: "Mwanangu, kidato cha tano cha sanaa kipo karibu na wewe kuliko uuguzi. Umebakiza somo moja huku, kule umebakiza mawili, na yote mawili yana mtihani wa vitendo wa maabara."

Alilia. Sikumwambia anyamaze. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo haiwezekani?" Nikamjibu inawezekana, ila si kwa mwaka mmoja pamoja na kazi ya dagaa, na kwamba akitaka kujaribu nitamsaidia lakini sitamwambia ni rahisi. Alirudi baada ya siku nne akasema achukue njia ya karibu kwanza. Uamuzi ulikuwa wake, na naamini ndiyo sababu aliushikilia.

Ukiamua kurudia: masomo mangapi?

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa, na mimi mwenyewe nililifanya. Nilipata Daraja la Nne, nikaona aibu, nikajisajili masomo yote saba ili nifute ile namba. Kituo cha tuisheni nilichokwenda kilifundisha masomo saba kwa wiki, saa moja moja, mwalimu akija akikosa. Novemba niliingia kwenye mitihani saba nikiwa najua kila somo nusu. Nilishuka kwenye mawili na kupanda kwenye moja. Mwaka ulikwisha, na fedha ya ng'ombe mmoja wa baba.

Hulazimiki kurudia yote. Mtahiniwa wa kujitegemea anaweza kusajili masomo machache, na ufaulu wa cheti cha kwanza haufutwi na cha pili. Ukiomba shule au chuo unaweka vyeti vyote viwili mezani. C zako mbili za Historia na Kiswahili zipo, zimekaa, hazina haja ya kuguswa.

Kwa binti wa Kayenze hesabu ilikuwa hivi. Anahitaji krediti moja. Jiografia ikipanda kutoka D kwenda C anapata HGK: Historia 3, Jiografia 3, Kiswahili 3, jumla 9, ndani ya 10. Kiingereza kikipanda badala yake anapata HKL. Tukaongeza Uraia kama akiba, maana inasomeka na haina hesabu. Masomo matatu. Alitaka kuongeza Hisabati "ili nisiwe na F". Nikamwuliza C ya Hisabati inamfungulia mlango gani kati ya ile aliyoichagua. Hakuna. Ikaachwa.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu karibu hakuna anayewaambia watoto. Ulipofanya mtihani ukiwa shuleni, asilimia 30 ya alama zako zilitokana na tathmini endelevu: mitihani na kazi za miaka iliyotangulia. Mtihani wa Novemba ulibeba 70. Ukirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ile 30 haipo. Mtihani unabeba 100.

Chukua mfano. Tuseme kwenye tathmini ya Jiografia ulikuwa na 18 kati ya 30, na kwenye karatasi ya Novemba ulipata 30 kati ya 100. Asilimia 70 ya 30 ni 21. Ukijumlisha na 18 ni 39, ndiyo D yako. Kama tathmini ingebaki, ili ufike 45 ungehitaji kupata 39 kwenye karatasi, yaani kupanda alama 9. Bila tathmini lazima karatasi yenyewe iwe 45, yaani kupanda alama 15. Na ukiandika vilevile kama mwaka jana, ile karatasi ya 30 ni D ya kuning'inia, ukikosea swali dogo ni F. Ndiyo maana watu hurudi na kusema "nimesoma zaidi lakini nimeshuka". Hawakuwa wajinga zaidi. Walipoteza mto waliokuwa wameulalia bila kujua.

Kwa hiyo jiulize kwa kila somo: naweza kupanda alama 15 za kweli kwa miezi tisa? Mawili, ndiyo. Matatu, kwa bidii. Saba, mimi ni ushahidi.

Usajili

Tarehe hutangazwa na NECTA kila mwaka. Kwa kawaida dirisha hufunguka Januari na ada ya kawaida huishia mwisho wa Februari, kisha Machi kuna nyongeza ya faini. Ndiyo maana nilimtaka arudi kutoka Ukerewe mapema. Unachagua kituo, unapeleka namba yako ya mtihani wa zamani, unapata kontroo namba, unalipa mwenyewe. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie. Kila mwaka napata mmoja anayekuja Oktoba kugundua kwamba jina lake halipo, na Oktoba hakuna dawa.

Angalia herufi za jina lako moja moja kabla ya kuthibitisha. Lifanane na cheti cha kuzaliwa na cheti cha kwanza. "Mariam" na "Mariamu" ni mtu mmoja nyumbani, ila kwenye mfumo wa udahili ni watu wawili, na vyeti vyako viwili vinahitaji kuwa vya mtu mmoja. Namba yako mpya itaanza na P badala ya S. Hiyo ni alama ya kituo cha kujitegemea, haina ubaya wowote.

Baba wa binti alikuwa na neno lake. Nilikwenda Kayenze Jumapili, nikamkuta anashona wavu. Mwangaluka, mwangaluka, tukakaa. Alisema fedha ya kurudia shule hana. Nikamweleza kwamba harudii shule, anarudia masomo matatu, atalala hapahapa, dagaa ataanika. Nikamwandikia gharama kwenye jalada la daftari: ada ya NECTA, nauli ya daladala siku mbili kwa wiki, kuchapisha mitihani ya zamani. Alipoona orodha ni fupi alicheka: "Nilidhani unaniletea karo ya bweni." Nawashauri wote mwende kwa mzazi na orodha iliyoandikwa. Mzazi anayesikia "nataka kurudia" anasikia miaka minne upya.

Ratiba inayofuata mwezi

Ratiba za vitabuni zinasema soma saa kumi alfajiri. Kayenze saa kumi alfajiri ni saa ya mitumbwi kurudi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifanyi kazi, wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Mitumbwi ikirudi asubuhi, wanawake na watoto wanaanika mpaka jua liwe kali, jioni wanaanua.

Tukapanga kwa mwezi wa angani. Wiki za giza, saa moja na nusu tu kila siku, kuanzia saa nane mchana dagaa wakiwa juani, kazi ikiwa kukaa na kufukuza kunguru: wakati huo anasoma maelezo na kujibu maswali mafupi. Siku za mbalamwezi, anakuja Igoma, tunakaa kwa muda wa saa tatu na mtihani mzima wa zamani. Kwa mwezi mmoja hiyo ilimpa siku nne au tano za mtihani kamili. Wewe wa Buhongwa unayeuza duka la shemeji una mwezi wako mwingine: soko lina siku zake za kulala. Zitafute, uziandike.

Alama 15 za Jiografia zinatoka wapi

Nitakaa kwenye somo hili kwa sababu ndilo lililombeba.

NECTA hutoa kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ipo bure kwenye tovuti yao. Inaonyesha kila swali, watu walilijibuje, na picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Watoto wananunua vijitabu vya "majibu ya NECTA" stendi ilhali hii ipo bure na ndiyo ya wenyewe. Tulisoma za miaka mitatu. Tulichokuwa tunatafuta ni pale ambapo alama ni za uhakika, yaani jibu ni sahihi au si sahihi, halitegemei ufasaha wa Kiingereza. Tukarudi tena na tena kwenye usomaji wa ramani, upimaji, takwimu na picha.

Alikuwa akiruka swali la ramani kila mara. "Linanichanganya, mwalimu." Tulianza na uzi wa wavu wa baba yake. Ramani ya kipimo cha 1:50,000: sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, ambazo ni mita 500. Kwa hiyo sentimita mbili ni kilomita moja. Laza uzi kwenye barabara, ufuate kila kona, weka alama kwa kucha, unyooshe kwenye rula. Ukipata sentimita 12.4, gawa kwa mbili: kilomita 6.2. Kosa lake lilikuwa kunyoosha rula kona kwa kona, akipata pungufu, na kuandika namba tupu bila neno kilomita. Namba isiyo na kipimo inapoteza alama.

Eneo ni kuhesabu. Kwenye ramani hiyo kila mraba ni kilomita moja ya mraba. Miraba kamili 14, iliyokatwa 10. Iliyokatwa unaigawa kwa mbili, 5. Jumla kilomita za mraba 19. Mteremko ni tofauti ya kimo kugawa kwa umbali wa mlalo, vyote viwe kwenye mita: kimo kimepungua mita 80 katika kilomita 4, ni 80 kugawa kwa 4,000, yaani 1 kwa 50. Alikuwa anagawa 80 kwa 4 anapata 20 na kuendelea kwa furaha. Tulikubaliana kwamba kabla ya kugawa chochote aandike vipimo pembeni. Jambo dogo, lakini kufikia Juni swali la ramani halikuwa likimwangusha tena.

Insha ndiyo ilikuwa ngumu, na sitaificha: mtihani uko kwa Kiingereza na Kiingereza chake kilikuwa D. Alijua kwa nini maji ya Ziwa Viktoria yanaleta mvua ya alasiri kuliko mimi, ameiona akianua dagaa mbio mbio, lakini hakuweza kuiandika. Tulichofanya ni sentensi fupi. Hoja moja, sentensi mbili: ya kwanza inataja hoja, ya pili inatoa mfano wa mahali. Hoja sita kwa insha, utangulizi wa mistari mitatu. Hakuwa mwandishi mzuri, ila alieleweka.

Utajuaje kama inakwenda

Usijipime kwa hisia ya "naelewa". Jipime kwa mtihani wa saa tatu, simu iko chumba kingine, na mtu mwingine asahihishe. Mimi ninalenga 55 kwenye mazoezi ili mtoto apate 45 Novemba. Zile 10 zinakwenda kwa woga, kwa mwandiko wa haraka, na kwa huruma ya msahihishaji wa nyumbani. Alama zake za Jiografia zilikwenda 33, 31, 40, 38, 47, 52. Angalia zile mbili zilizoshuka. Kwenye mtihani wa pili, aliponiletea 31, alitaka kuacha. Karatasi zote mbili zilikuwa na swali la takwimu ambalo hatukuwa tumeligusa, basi, tukaligusa.

Mwisho wa Agosti tulikaa tena. Kama Jiografia ingekuwa bado chini ya 40, ningemwambia apeleke maombi ya chuo kwa ufaulu wake sita na aende Novemba kujaribu tu. Kwa kweli maombi alipeleka hata hivyo. Vyuo vingi, ukiacha vya afya vinavyopitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, unaomba moja kwa moja chuoni, na hakuna sheria inayokuzuia kusubiri matokeo ya kurudia ukiwa na barua ya kupokelewa mfukoni. Ila ukianza masomo ya chuo Oktoba, ratiba ya mtihani wa Novemba itakugonga. Uliza kwanza kabla ya kulipa ada.

Matokeo yake yalitoka Januari iliyofuata. Jiografia C. Uraia C. Kiingereza D, palepale kilipokuwa. Ukikusanya vyeti viwili ana krediti nne, na masomo saba bora sasa ni C nne, D mbili... tulihesabu kwa sauti mwaloni, yeye na mama yake na mimi: 12, halafu D za Kiingereza na Baiolojia 8, ni 20, halafu F moja 5. Ishirini na tano. Mama yake aliuliza kama sasa serikali itamchukua. Nikamwambia asiitegemee: ule uchaguzi ni wa waliotoka shuleni mwaka huo, yeye atafute shule binafsi ya HGK au chuo, na barua ya chuo anayo tayari.

Bado anapiga hesabu ya ada za pande zote mbili. Matokeo mawili yamechapishwa, ya S na ya P, yamewekwa kwenye mfuko wa nailoni wa dagaa uliooshwa, umefungwa fundo, uko juu ya kabati ambako maji ya mvua hayafiki.